Maina ndugu na maina somo: kwa nini A meja ina maina mbili

Wimbo ulikuwa A meja. Beti na kiitikio vilikaa sawa tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Taabu ilikuwa kwenye kipande cha kati, vipimo vinne tu, ambacho mtunzi alikiandikia maelekezo mafupi: "Hapa tunaingia maina yake." Waimbaji walikuwa wameshajifunza sauti zao kwa solfa, bila ala. Mpiga kinanda aliposoma maelekezo yale hakuona la kuuliza. Wimbo ni A meja, basi maina yake ni A maina. Akapiga kodi ya A maina, waimbaji wakaingia, na sote tuliokuwa pale tukakunja uso.

Lawama zikaenda kwa waimbaji, kama kawaida kosa hili linapotokea. Ilionekana wamepandisha sauti. Wakarudia mara ya pili, wakarudia ya tatu, na kila mara wakawa wanapandisha palepale. Nikamwomba mpiga kinanda anyamaze, waimbaji waimbe wenyewe: kipande kikatoka safi. Nikawaomba waimbaji wanyamaze, kinanda kipigwe peke yake: nacho kikatoka safi. Kila upande ulikuwa sahihi ndani ya ufunguo wake, ila funguo zilikuwa mbili. Hapo mpiga kinanda akauliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengi, na ambalo nalipenda kwa sababu limebeba fundo lote: "Kama A maina si maina ya A meja, basi ni maina ya nani?"

A maina ni kweli ni maina ya A meja, kwa uhusiano wa aina moja. Kwa uhusiano wa aina nyingine ni maina ya C meja. Na F shapu maina, ambayo waimbaji walikuwa wakiiimba, nayo ni maina ya A meja. Kwa hiyo maneno "maina yake" hayajasema kitu bado. Kila ufunguo wa meja una maina mbili, na kila moja inashirikiana nao katika jambo tofauti kabisa.

Ya kwanza inashiriki nota. A meja ina nota saba: A, B, C shapu, D, E, F shapu na G shapu. F shapu maina ina nota saba hizohizo, isipokuwa inaanzia na kutulia kwenye F shapu. Wapiga ala wengi huiita riletivu maina. Mimi hufundisha kwa jina la maina ndugu, kwa sababu ndugu hushiriki damu ilhali kila mmoja ana jina lake na nyumba yake.

Ya pili inashiriki jina na nyumbani. A meja na A maina zote mbili hutulia kwenye A, lakini nota zao hazifanani zote. Hii ndiyo paraleli maina. Kiswahili kina neno linaloikaa vizuri kuliko hilo: mtu mwenye jina kama lako ni somo wako. Somo wako si lazima awe wa damu yako. Mnachoshiriki ni jina. A maina ni somo wa A meja. Basi nitaiita maina somo.

Kuipata maina somo hakuhitaji hesabu yoyote, maana jina unalo tayari. Maina ndugu ndiyo inayotafutwa, na njia yake ni kushuka nusu toni tatu kutoka nyumbani kwa meja. Kwenye kinanda, weka kidole kwenye A, kisha shuka kibonye kimoja kimoja bila kuruka cheusi wala cheupe: G shapu, G, F shapu. Umefika. Ukitoka C utapita B, B flati, na kutua kwenye A, ndiyo maana A maina ni ndugu wa C meja. Wapo wanaokumbuka kwamba "ni hatua tatu" wakasahau ni kwa upande gani, wakapanda badala ya kushuka. Kupanda nusu toni tatu ni safari ya kurudi, kutoka maina kwenda kwa meja iliyo ndugu yake. Ukiwa A maina ukapanda tatu, unafika C. Wengine huhesabu kwa herufi tu, A, G, F, wakatangaza kwamba ndugu wa A meja ni F maina. Herufi wameipata, shapu wameiacha: kutoka A hadi F ni nusu toni nne, na F yenyewe haimo kabisa katika skeli ya A meja. Hilo ndilo jaribio la haraka. Nyumba ya maina ndugu lazima iwe mojawapo ya nota ambazo meja inazo tayari.

Kwa waliolelewa na solfa, jambo hili limo mdomoni mwao tangu zamani. Katika solfa aliyoieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, meja hutulia kwenye do na maina hutulia kwenye la. Ukiimba wimbo wa A meja, A ni do, na ukihesabu hadi la unaangukia F shapu. Kwa hiyo kuingia maina ndugu ni kuiacha do palepale ilipo na kuhamishia makazi kwenye la. Waimbaji wetu hawakuwa na haja ya kujua neno "maina". Karatasi yao iliandikwa la, do, mi, na do yao haikuwa imehama.

Hapa mtu makini huuliza: kama nota ni zilezile saba, kwa nini tuseme ni ufunguo mwingine? Jibu liko kwenye kule sauti inakotaka kupumzika. Chukua nota saba za A meja, tunga sentensi za muziki zinazoishia A, besi ikisisitiza A na E, na sikio litasikia A kama nyumbani. Chukua nota hizohizo, maliza sentensi kwenye F shapu, besi isisitize F shapu na C shapu, na nyumbani kutahama. Watunzi huongeza pia kitu kimoja kinachoondoa shaka: huipandisha nota ya saba ya maina kwa nusu toni ili iivute nyumbani kwa nguvu. Katika F shapu maina, nota ya saba ni E, nayo hupandishwa ikawa E shapu. Katika solfa ni so iliyopandishwa ikawa se. Kibonye chake kwenye kinanda ni kilekile cha F, lakini katika maandishi ni E shapu kwa sababu ni E iliyosukumwa juu kuelekea F shapu. Ukiona karatasi yenye shapu tatu mwanzoni mwa mstari, halafu ndani E shapu zinajitokeza, karibu kila mara umeshaingia maina ndugu.

Sasa turudi kwenye vipimo vinne vilivyotuumiza vichwa. Waimbaji waliimba hivi: kipimo cha kwanza la, do, mi, cha pili re, fa, la, cha tatu mi, se, cha nne la ndefu. Kwa majina ya nota ni F shapu, A, C shapu. Halafu B, D, F shapu. Halafu C shapu, E shapu. Halafu F shapu. Kodi zinazowafaa ni F shapu maina, B maina, C shapu meja, na F shapu maina tena: ya kwanza, ya nne, ya tano, ya kwanza. Mpiga kinanda naye alifuata mpangilio huohuo wa kwanza, nne, tano, kwanza, lakini ndani ya A maina: A maina, D maina, E meja, A maina.

Vipange pamoja uone. Kipimo cha kwanza, kinanda kinapiga A, C, E. Waimbaji wanapita F shapu, wanafika A, na hapo A inakubaliana na kodi, kwa hiyo kwa nukta moja kila mtu anatulia. Kisha wanafika C shapu ilhali kinanda kinashikilia C. Nusu toni inawatenganisha, nayo inakwaruza. Kipimo cha pili, kinanda kinapiga D, F, A. B inapita, D inakubaliana, halafu waimbaji wanatua kwenye F shapu juu ya F ya kinanda. Nusu toni tena. Kipimo cha tatu kinanda kina E, G shapu, B, na waimbaji wanapandisha so ikawa E shapu juu ya E. Kwa mara ya tatu, nusu toni. Kipimo cha nne waimbaji wanashika F shapu, ambayo haimo kabisa kwenye kodi ya A maina, na wimbo unabaki unaning'inia.

Angalia upande wa mikwaruzo ile. Katika vipimo vyote vitatu mwimbaji yuko nusu toni juu ya kinanda, hata mara moja hayuko chini. Ndiyo sababu masikio yetu yalisema waimbaji wamepandisha. Hii ni dalili nzuri ya kukumbuka: kama watu wanaonekana kupandisha nota ileile kila mara wanaporudia, na nota nyingine za katikati zinakaa sawasawa, sauti zao hazina kosa. Mtu aliyechoka au asiyesikia vizuri hukosea ovyo, leo hapa kesho pale. Anayekosea palepale mara tatu mfululizo anafuata ramani, na swali ni ramani ipi.

Kwa nini nota hizo zigongane na nyingine zisigongane? Kwa sababu A meja na A maina hushiriki A, B, D na E, na hutofautiana kwenye tatu: C shapu inakuwa C, F shapu inakuwa F, G shapu inakuwa G. Tatu hiyo haibadiliki uende ufunguo wowote. C meja haina alama yoyote na C maina ina flati tatu. E meja ina shapu nne na E maina ina moja. G meja ina shapu moja na G maina ina flati mbili, yaani umeondoa shapu moja kisha ukaongeza flati mbili. Katika hizo tatu, nzito zaidi ni ya kwanza, nota ya tatu ya skeli, maana ndiyo inayosema kama nyumbani ni meja au maina. Ya sita na ya saba watunzi huzipandisha na kuzishusha kadiri sauti inavyokwenda. Ya tatu huachwa ilivyo.

Kwa lugha ya solfa, kwenda kwa maina somo ni kazi nzito kuliko kwenda kwa ndugu. A iliyokuwa do sasa inakuwa la, kwa hiyo do yenyewe inaruka nusu toni tatu juu na kukaa C. Karatasi za solfa zina njia safi ya kuandika hilo: kwenye nota ya kuvukia, jina la zamani huandikwa dogo juu kidogo upande wa kushoto wa jina jipya, do ndogo kando ya la. Mwimbaji anaimba sauti ileile lakini anaanza kuiita la, na yote yanayofuata yanajipanga. Kwenye karatasi yetu hakukuwa na alama hiyo popote. Hilo peke yake lingetosha kumwambia msomaji kwamba ni maina ndugu, kama mpiga kinanda angepewa karatasi ya solfa na siyo ya kodi tupu.

Kosa la kinyume lina hila zaidi. Tuseme mtunzi alitaka maina somo, yaani wimbo ubaki A lakini giza liingie, na mpiga kinanda akapiga F shapu maina. Kama waimbaji wameshajifunza sauti za A maina, mgongano utasikika vilevile. Lakini kama hakuna waliojifunza bado, kama ndiyo kwanza wimbo unapangwa, hakuna kitakachokwaruza. F shapu maina ni kodi ya sita ya A meja. Imeshapigwa mara kadhaa kwenye beti bila mtu kuishtukia. Watu watasema kipande cha kati "hakina kitu", watajaribu kupunguza mwendo, kuongeza ngoma, kupiga kwa sauti ya chini, na wasipate kile mtunzi alichokisikia kichwani. Kilichokosekana ni C badala ya C shapu. Nimeona nyimbo nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo, na inaniuma, kwa kuwa dawa ilikuwa nota moja.

Tofauti ya maina hizi inaonekana pia mlangoni, kwenye kodi inayotangulia. A meja huingiwa kwa kodi yake ya tano, E meja, yenye E, G shapu na B. A maina, watunzi wakishaipandisha nota yake ya saba kutoka G hadi G shapu, huingiwa kwa kodi hiyohiyo ya E meja. Mlango ni mmoja kwa wote wawili. Ukipiga E meja ukasimama, msikilizaji anajua A inakuja lakini hajui ni A ya namna gani, na unaweza kumpa ile asiyoitarajia. Kwenda F shapu maina huwezi kutumia mlango huo. Unahitaji C shapu meja yenye ile E shapu yake. Kwa hiyo ukitaka kujua wimbo umekwenda kwa ndugu au kwa somo, usisikilize mahali ulipofika tu. Sikiliza kodi iliyotangulia.

Nota za somo huazimwa pia bila kuhama nyumba. Mfano ulio rahisi zaidi kupiga ni D meja, kisha D maina, kisha A meja. D maina si ya A meja, ni ya A maina. Ukifuata sauti moja ndani ya kodi hizo utasikia F shapu ikishuka hadi F, na F ikishuka hadi E, nusu toni kwa nusu toni. Ni vipimo vitatu tu, na wimbo haujaacha kuwa A meja.

Mkanganyiko huu si wa wanaoanza peke yao, na sehemu ya lawama ni ya majina. Katika vitabu vya Kijerumani, maina ndugu huitwa kwa neno ambalo ukilitafsiri moja kwa moja linatoa "ufunguo wa paraleli". Yaani neno ambalo Waingereza wamelipa somo, Wajerumani wamelipa ndugu. Mwanafunzi akisoma vitabu vya pande zote mbili, au vilivyotafsiriwa kwa haraka, atakuta A maina ikiitwa paraleli ya C katika kimoja na paraleli ya A katika kingine, na vyote viwili viko sahihi kwa desturi zao. Wafaransa nao huita maina somo kwa neno lenye maana ya "wenye jina moja", karibu kabisa na somo wetu.

Anayetaka kuzisikia zote mbili zikifanya kazi ndani ya kazi moja, asikilize Simfoni namba 5 ya Beethoven, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808. Iko C maina. Katika sehemu ya kwanza, baada ya zile nota nne zinazogonga, tarumbeta za honi huita, na wimbo wa pili, mpole, unaingia katika E flati meja. Hiyo ni ndugu: kutoka C panda nusu toni tatu, na alama za flati tatu hazibadiliki. Baadaye mambo yaleyale yanaporudi, wimbo ule mpole hauendi tena E flati. Unakuja katika C meja, ambayo ni somo. Sauti ni ileile, lakini mara ya kwanza umetembelea nyumba nyingine, na mara ya pili umebaki nyumbani taa zikawashwa. Sehemu ya mwisho ya simfoni hiyo inaanza na kuisha katika C meja hiyohiyo.

Kwenye karatasi yetu tulifuta "maina yake" na kuandika "F shapu maina, do haihami". Mpiga kinanda alipiga C shapu meja mara moja kama mlango, waimbaji wakaingia na la, na kipande kikakaa. Alipofika nyumbani jioni alikijaribu tena kwa kodi za A maina, safari hii akiandika sauti mpya zinazoifuata, C badala ya C shapu na F badala ya F shapu. Wiki iliyofuata alikuja nazo, do ndogo kando ya la ikiwa imeandikwa vizuri, na mtunzi sasa ana vipande viwili vya kati na hajaamua achukue kipi.